Kwa nini bima ya afya inakuhoji kabla ya kukupokea, na kwa nini aliyekwisha kuugua huambiwa asubiri

Wiki iliyopita tulisoma hewani ujumbe wa mama mmoja mfanyabiashara wa nguo. Alipima ultrasaundi, akaambiwa ana uvimbe kwenye kizazi na anahitaji upasuaji. Hospitali ikamtajia gharama inayokaribia shilingi milioni mbili. Kesho yake akaenda kwa wakala wa bima ya afya, fedha ya mchango mkononi, akapewa fomu ya kurasa nne. Umewahi kulazwa? Umewahi kufanyiwa upasuaji? Unatumia dawa gani sasa? Kuna kipimo chochote ulichofanyiwa karibuni? Mama yule alituandikia: "Natoa hela yangu mwenyewe, mbona nahojiwa kama niko polisi?"

Majibu ya wasikilizaji yalikuwa makali. Wengi walisema kampuni za bima zinapenda kuchukua tu, kutoa hazitaki. Mmoja akamshauri aweke tiki ya "hapana" kote, asubiri mwezi mmoja, kisha aende hospitali. Ushauri huo ndio uliotufanya tuandike makala haya, maana una hasara kubwa kwa atakayeufuata, na tutaonyesha hasara hiyo inavyotokea.

Lakini tuanze na swali la mama, kwa sababu ni swali la haki.

Kikundi cha kuzikana kinalijua jambo hili

Wengi wetu tuko kwenye vikundi vya kufa na kuzikana. Kila mwezi unatoa chako, na ukifiwa na mzazi, mwenza au mtoto, kikundi kinakushika mkono. Sasa jiulize kikundi chako kingefanya nini kama jirani angekuja leo kuomba kujiunga, na mtaa mzima unajua baba yake amelazwa wiki ya tatu na hali si nzuri. Katika vikundi vingi tunavyovifahamu jibu limeshaandikwa kwenye katiba: mwanachama mpya analipa kiingilio, anachangia miezi mitatu au sita, ndipo anaanza kunufaika. Vingine humtaka aorodheshe majina ya wategemezi wake siku ya kwanza, na jina lisiloandikwa siku hiyo halilipwi baadaye.

Hakuna anayeona hapo kuna roho mbaya. Kila mwanachama anaelewa kwamba mlango ukiachwa wazi, watu watakuja wakati msiba unanukia na wataondoka matanga yakiisha. Wanaochangia miaka yote watabaki kuwalipia.

Kampuni ya bima ina shida hiyo hiyo, ila yenyewe haimjui mwombaji. Kikundi cha mtaani hakihitaji fomu kwa sababu katibu anamjua mzee aliyelazwa na anajua nani ana kisukari. Kampuni iliyoko mjini haijui lolote. Mwombaji anaijua afya yake, kampuni haiijui, na fomu ni njia ya kulisogeza pengo hilo karibu kidogo.

Pengo hilo lina historia yake katika uchumi. Mwaka 1970 mchumi wa Marekani, George Akerlof, aliandika makala kuhusu soko la magari yaliyotumika. Muuzaji anajua gari lake ni bovu, mnunuzi hajui, kwa hiyo mnunuzi anatoa bei ya wasiwasi, na kwa bei hiyo mwenye gari zuri anaona bora asiuze. Sokoni yanabaki magari mabovu. Katika makala hayo hayo Akerlof aligusia wazee wa zaidi ya miaka 65 na ugumu wao wa kupata bima ya afya, akisema mzizi ni huo huo. Mwaka 2001 alikuwa mmoja wa watatu waliopewa Tuzo ya Nobeli ya uchumi kwa kazi za namna hii. Hali yenyewe tunaweza kuiita uteuzi hasi: wanaojiteua kuingia kwenye mfuko wa bima ni zaidi wale watakaouchota, na wale wa kuujaza wanabaki nje.

Tupige hesabu

Tuchukue mfano wa kubuni, wenye namba rahisi. Kuna mfuko wa bima wenye watu 1,000. Kati yao 900 wana afya ya kawaida, na kila mmoja kwa wastani atatumia shilingi 60,000 kwa mwaka: malaria mara moja, jino, kifua cha mtoto. Wengine 100 wana maradhi yanayojulikana, na kila mmoja atatumia wastani wa shilingi 900,000. Mfuko haumuulizi mtu chochote, na kila anayetaka anaingia.

Wale 900 watatumia jumla ya milioni 54. Wale 100 watatumia milioni 90. Jumla ni milioni 144, na ukigawa kwa watu 1,000 unapata 144,000 kwa kila mmoja. Ongeza 16,000 za mishahara, kadi na uendeshaji, mchango unakuwa shilingi 160,000 kwa mwaka.

Kwa mtu mwenye maradhi hiyo ni neema. Kwa kijana fundi seremala ambaye mwaka jana hakumeza hata panado, ni fedha ya mbao. Anasema nitakata mwakani. Tuseme wazima 500 wanafikiri kama yeye na wanatoka. Wamebaki wazima 400 na wagonjwa 100, kwa sababu mgonjwa hatoki. Gharama sasa ni milioni 24 na milioni 90, jumla milioni 114, zinazogawanywa kwa watu 500. Mchango mpya, pamoja na uendeshaji, ni 244,000.

Kwa bei hiyo hata mtu mzima mwenye tahadhari anaanza kusita. Wakitoka wengine 300, wanabaki wazima 100 na wagonjwa 100, na mchango unaruka hadi 496,000. Wakitoka wazima wote, kila mgonjwa atatakiwa kulipa 916,000, yaani gharama ya ugonjwa wake mwenyewe na ya kadi juu yake. Bima imekufa, na waliokufa nayo ni wale wale waliokuwa wakiihitaji.

Tafadhali angalia tena hesabu hiyo. Hakuna aliyeiba, wala aliyeghushi cheti. Kila mmoja alifanya uamuzi wenye akili kwa mfuko wake. Ndiyo maana hatupendi kusikia jambo hili likielezwa kama wizi wa wananchi.

Toto Afya Kadi: tuliyaona haya nyumbani

Mfano huo ni wa kubuni, lakini Tanzania tuna wa kweli ambao wazazi wengi wanaukumbuka. Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya, NHIF, ulikuwa na Toto Afya Kadi kwa watoto wa chini ya miaka 18. Mzazi alilipa shilingi 50,400 kwa mtoto kwa mwaka, na mtoto akapata matibabu kuanzia homa hadi upasuaji. Ilikuwa bei nafuu na mlango ulikuwa wazi: mzazi angeweza kumwandikisha mtoto mmoja tu kati ya wanne, wakati wowote alioutaka.

Fikiria nani alikimbilia. Mwenye mtoto mwenye tatizo la moyo au selimundu hakuhitaji kuhamasishwa na mtu. Mwenye watoto wanne wazima aliona laki mbili ni nyingi kwa jambo ambalo huenda lisitokee. Matumizi yakazidi michango mara kadhaa, na Machi 2023 NHIF ikasitisha kuandikisha watoto mmoja mmoja, ikaelekeza waandikishwe kwa makundi kupitia shule. Baadaye kadi hiyo ilirudi kwa utaratibu mwingine, lakini hatua ile ya mwaka 2023 inafundisha zaidi.

Kwa nini shule? Kwa sababu mtoto hapelekwi darasa la tatu kwa kuwa ni mgonjwa. Darasa la watoto 60 lina wazima wengi na wagonjwa wachache, kama ulivyo mtaa wenyewe. Kundi lililokusanyika kwa sababu nyingine, isiyo ugonjwa, halihitaji kuhojiwa. Kasoro ya hatua ile ilionekana mara moja: mtoto wa miezi minane hana shule, na umri huo ndio wa kwenda hospitali kila mara. Wazazi walipolalamika hawakuwa wakilalamika bure.

Hapo ndipo jibu la mama wa nguo linapoanza kuonekana. Mwalimu au muuguzi wa serikali akiajiriwa haulizwi kama ana presha. Anakatwa asilimia 3 ya mshahara, mwajiri anaongeza asilimia 3, na kadi inatoka. Haulizwi kwa sababu hakuchagua: mgonjwa na mzima wote wamekatwa. Kampuni binafsi ikikata bima kwa kiwanda chenye wafanyakazi 300, nayo kwa kawaida huuliza machache kwa sababu hiyo hiyo. Anayehojiwa sana ni yule anayekuja peke yake, kwa hiari, siku aliyoichagua mwenyewe. Kwa maneno mengine, maswali yanachukua nafasi ya lazima. Palipo na lazima maswali yanapungua, na palipo na hiari yanaongezeka.

Kwenye fomu, kila swali lina kazi yake

Umri na kazi vinapanga bei. Dawa unazotumia ni swali la kijanja kuliko linavyoonekana, kwa sababu mtu anaweza kusema hana ugonjwa wowote huku kila asubuhi anameza kidonge cha presha, na kidonge kinasema alichokisahau. Swali la vipimo vya karibuni linamtafuta mtu kama mama yetu, ambaye ameshajua lakini hajatibiwa. Swali la ujauzito linajieleza. Na lile linalowaudhi wengi, "Je, kampuni nyingine imewahi kukukataa?", lipo kwa sababu aliyekataliwa mahali pamoja huenda sasa anajaribu mlango wa pili.

Kusema ndiyo hakumaanishi kukataliwa. Kampuni inaweza kukupokea kwa bei ya kawaida, kwa mfano ukiwa na presha iliyodhibitiwa vizuri. Inaweza kukuongezea mchango. Inaweza kukupokea kwa kila kitu isipokuwa ugonjwa uliotaja, au ikakubali kuulipia baada ya muda fulani. Kukataa kabisa kupo pia. Tofauti kati ya kampuni na kampuni ni kubwa, kwa hiyo jibu la wakala mmoja lisikufanye uache kuuliza kwa wa pili.

Kwa kuwa maswali peke yake hayatoshi, kuna kipindi cha kusubiri, kile kile cha katiba ya kikundi cha kuzikana. Mkataba mwingi wa mtu binafsi huweka siku kadhaa, mara nyingi 30, kabla ya kulipia ugonjwa wa kawaida, na ajali huwa haisubiri, kwa sababu hakuna anayepanga kugongwa na bodaboda. Uzazi husubiri miezi tisa au zaidi, na kila mtu anaelewa kwa nini ni tisa. Ugonjwa uliokuwepo kabla ya kujiunga husubiri mwaka au zaidi, au haulipiwi kamwe. Muda huo unaanza kuhesabiwa upya ukiacha bima ikaisha na kurudi baada ya miezi kadhaa. Wengi hupotezea hapo: wamechangia mwaka mzima, wakachelewa kuhuisha kadi, wakarudi mwanzo wa foleni.

Ukiweka "hapana" kote

Sasa turudi kwa msikilizaji aliyeshauri tiki za "hapana". Tumfuate mama wa nguo hatua kwa hatua kama angemsikiliza.

Anasaini fomu, analipa, tuseme shilingi 400,000. Siku 30 zinapita. Siku ya 40 anaingia hospitali na kadi. Upasuaji wa kupangwa haufanyiki kwa kuonyesha kadi tu. Hospitali inatuma kwanza ombi la kibali kwa kampuni. Kwenye ombi daktari anajaza jina la ugonjwa, vipimo vilivyofanyika na tarehe zake, na ulianza lini. Daktari hana sababu ya kudanganya, wala hajui alichoandika mgonjwa kwenye fomu ya bima. Anafungua faili na kuandika anachokiona: mgonjwa ana historia ya damu nyingi za hedhi kwa miaka miwili, ultrasaundi ilifanyika tarehe fulani. Tarehe hiyo iko kabla ya bima kukatwa. Daktari wa kampuni anayepitia maombi hahitaji upelelezi wowote, anaweka tu tarehe mbili pamoja.

Uvimbe wa sentimita nane ukionekana wiki sita baada ya mtu kujiunga, nao unatia shaka hata bila ultrasaundi ya zamani, kwa sababu uvimbe wa aina hiyo hukua taratibu. Kampuni itaomba faili la hospitali aliyotibiwa nyuma, na kwa kawaida fomu aliyosaini ina ibara inayoruhusu hilo.

Kinachofuata si upasuaji kukataliwa tu. Bima imejengwa juu ya kanuni ya uaminifu wa hali ya juu, kwamba mwombaji anaeleza jambo lolote la msingi analolijua. Aliyeficha jambo la msingi anaipa kampuni nafasi ya kuuvunja mkataba wote. Mwezi wa tano mama akivunjika mguu, jambo lisilohusiana kabisa na kizazi, anaweza kukuta hana bima. Milioni mbili za upasuaji ziko pale pale, na laki nne zimekwenda.

Hapa tunaomba kuwasema mawakala kidogo. Wakala analipwa kamisheni kwa kila fomu inayopita, na tumesikia mara nyingi wateja wakieleza kuwa wakala ndiye aliyewaambia "hayo usiandike, yatachelewesha." Saini iliyo chini ya fomu ni yako. Jaza mwenyewe, au usomewe kila swali kabla ya kusaini, na uondoke na nakala. Nakala hiyo ndiyo itakayokutetea kampuni ikidai hukusema jambo ulilolisema.

Na kampuni zenyewe si malaika. Kuficha ni jambo moja, kutojua ni jingine. Mtu asiyewahi kupimwa na ambaye hakuwa na dalili hawezi kulaumiwa kwa kutotaja ugonjwa. Lakini mikataba mingine imeandikwa kwa upana kiasi kwamba ugonjwa "uliokuwepo" ni ule uliokuwepo mwilini, ujue usijue. Soma maana ya maneno hayo kwenye mkataba kabla ya kulipa, kuliko kusoma orodha ya hospitali. Dai likikataliwa, omba sababu kwa maandishi ikitaja ibara ya mkataba. Usiporidhika, wasimamizi wa sekta hii ni Mamlaka ya Usimamizi wa Bima, TIRA, na yupo pia Msuluhishi wa Migogoro ya Bima.

Kwa aliyekwisha kuugua

Tulimpigia mama wa nguo baada ya kipindi. Tulimwambia tunachokiamini: bima ya mtu binafsi atakayoikata leo haitalipia upasuaji huu, na fedha ya mchango afadhali aiweke kwenye upasuaji wenyewe. Tukamuuliza kama mume wake ana kadi ya kazini ambayo mwenza anaweza kuingizwa. Hakuwa nayo, ni dereva wa kujitegemea. Tukamshauri aende hospitali ya rufaa ya mkoa alinganishe bei, kwa kuwa ile aliyopimwa ni ya binafsi, na apitie ofisi ya ustawi wa jamii iliyo ndani ya hospitali ya umma aulize utaratibu wa wasiomudu gharama zote. Na akipona akate bima, ataje upasuaji huo, na asiiache ikatike.

Alitujibu kwamba hiyo inamfaa mtu wa mshahara, siyo mtu ambaye mwezi mmoja ana laki tatu na mwezi unaofuata hana kitu. Ana hoja. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023 inataka kila mkazi wa Tanzania Bara awe na bima, na ukiyaunganisha na tuliyoyasema, sababu ya neno "lazima" iko wazi: ni ile ile ya mwalimu kutoulizwa kuhusu presha. Kugumu ni kumkata mtu asiye na mshahara wa kukatwa. Kenya wamekutana nalo pia. Tangu Oktoba 2024 mfuko wao mpya unamtoza mwajiriwa asilimia 2.75 ya kipato kila mwezi, lakini mtu wa jua kali anatakiwa kulipa ya mwaka mzima kwa mkupuo. Mantiki ya mkupuo ni kumzuia mtu asilipe mwezi anaougua tu. Ugumu wake ni kwamba muuza mboga hana fedha ya mwaka mzima siku moja.

Mama wa nguo ana miadi hospitali ya mkoa Jumatano. Amekubali turudi kwake baada ya hapo, na wiki ijayo tutakuwa na afisa ustawi wa jamii studio kueleza utaratibu wa msamaha wa gharama unavyofanya kazi na nyaraka gani zinahitajika. Maswali yenu tumeni mapema kwa namba ile ile ya kipindi.